Machungwa yanalipa mara mbili kwa mwaka: nijilipe kiasi gani kila mwezi?

*"Nina shamba la machungwa ekari nne hapa Muheza, aina ya Msasa na Valencia. Msasa nauza Juni na Julai, Valencia Novemba na Disemba, miezi mingine shamba halinipi kitu. Nimeandika mauzo tangu 2019, gharama ziko nyuma ya daftari. Nimejumlisha mapato ya miaka sita, 2019 hadi 2024, nikapata milioni 46.8. Nimegawa kwa miezi 72, imekuja 650,000. Humo ndani kuna milioni 2.4 za kiwanja nilichouza 2023, na milioni 1.2 alizonipa dalali Disemba iliyopita kwa ajili ya Msasa wa mwaka huu. Wanangu watatu wanasoma, na dukani nadaiwa 200,000. Nikijilipa 650,000 kila mwezi kuanzia Msasa hii ya Juni, mimi mama wa watu nitakuwa salama?"*

Hapana, mama, hautakuwa salama. Kwa kurasa ulizonitumia, kiasi ambacho shamba lako linaweza kukulipa kila mwezi bila kukurudisha kwenye madeni ni 440,000. Na kwa kuwa unaanza bila akiba, miaka miwili ya kwanza usivuke 350,000. Najua ni pungufu sana ya ulivyotarajia, kwa hiyo nitakuonyesha kila shilingi imeondoka wapi, ili ukiwa na daftari lako mkononi uweze kunihakiki.

Tuanze na zile milioni 46.8. Pesa ya kiwanja haikutoka kwenye miti. Kiwanja kimeshauzwa, hakitauzwa tena, basi hakina nafasi kwenye wastani wa kazi ya kila mwaka. Toa milioni 2.4. Pesa ya dalali nayo ilikufikia Disemba 2024, lakini machungwa yake yanachumwa mwezi huu. Ni mapato ya 2025 yaliyotangulia kuliwa, na ukiyaacha mwaka 2024 utakuwa umeyahesabu mara mbili siku mzigo ukichumwa. Toa milioni 1.2. Yanabaki mauzo ya machungwa peke yake, milioni 43.2.

Sasa fungua nyuma ya daftari. Palizi, samadi, dawa, kupogolea na mlinzi wa msimu vimekula milioni 9 kwa miaka sita, kati ya milioni 1.3 na milioni 1.7 kila mwaka. Hiyo ni pesa ya miti. Ukiihesabu kuwa ya nyumbani, mwaka mmoja utaila, palizi la masika litakosekana, na msimu unaofuata utavuna majani. Wakulima wengi wanaoniletea hesabu zao hukosea hapa hapa, kwa sababu mauzo huja kwa mkupuo na hukumbukwa, ila gharama hutoka elfu ishirini leo, elfu hamsini wiki ijayo, na hakuna anayeziona zikiwa pamoja.

Baada ya kutoa yote hayo, kilichobaki kwa ajili ya nyumba ni hiki:

2019: milioni 6.9
2020: milioni 3.8
2021: milioni 8.0
2022: milioni 4.0
2023: milioni 8.2
2024: milioni 3.3

Jumla ni milioni 34.2. Gawa kwa miezi 72, unapata 475,000. Huo ndio wastani wako wa kweli. Ungejilipa 650,000 kwa miaka hiyo sita, ungekuwa umetumia milioni 12.6 ambazo shamba halikuwahi kukupa, na pengo hilo lingezibwa na duka, dalali, au kipande kingine cha ardhi.

Kabla hatujaenda mbele, itazame hiyo orodha kwa makini. Mwaka mmoja unapanda, unaofuata unashuka, na haukukosea kamwe zamu. Mchungwa ndivyo ulivyo. Mwaka unaobeba sana, chakula kilichohifadhiwa kwenye mizizi na matawi huishia kwenye matunda, na matunda yenyewe yakiwa bado mtini huzuia vichipukizi vya maua ya msimu unaofuata. Valencia huzidisha jambo hili kwa sababu hukaa mtini muda mrefu, na ukichelewa kuyachuma kwa kungoja bei, unakata maua ya mwaka ujao. Ukame mmoja ukishaiweka miti yote kwenye mwendo mmoja, shamba zima hubeba pamoja na kupumzika pamoja. Bei hupunguza tofauti kidogo, maana mwaka wa mavuno mengi machungwa hujaa barabarani na bei hushuka, ila haiiondoi. Ndiyo sababu nimetumia fedha ulizopokea, si idadi ya machungwa.

Tabia hii ya mti inaamua uchukue miaka mingapi kwenye wastani. Wengi hufundishwa kuchukua mitatu ya karibuni. Kwako mitatu ni mtego. Ukichukua 2021 hadi 2023 umeokota miaka miwili minono na mmoja wa uhaba, na wastani unatoka 561,000 kwa mwezi. Sogea mwaka mmoja tu mbele, 2022 hadi 2024, unapata 430,000. Shamba ni lile lile na miti ni ile ile, lakini majibu yameachana kwa zaidi ya laki moja na thelathini, kwa sababu tu ya mahali ulipoanzia kuhesabu. Kwa zao linalopokezana namna hii, hesabu kwa jozi: mwaka mnono na wa uhaba unaoufuata. Chukua miaka minne, au sita kama ulivyofanya, usichukue mitatu wala mitano.

Ukizigawa jozi zako tatu, kila moja kwa miezi yake 24, picha inatulia. Jozi ya 2019 na 2020 inatoa 445,000 na ziada kidogo. Ya 2021 na 2022 inatoa 500,000. Ya 2023 na 2024 inatoa 479,000. Hapo sasa tunaweza kuzungumza habari ya usalama.

Wastani wa 475,000 ni kweli, lakini si salama, na sababu yake ni nyepesi. Ukijilipa wastani wenyewe, mwisho wa miaka sita unabaki na sifuri. Hakuna kilichobaki kwa mwaka ambao nzi wa matunda watashambulia, au barabara itakatika wakati wa kuchuma. Zaidi ya hapo, miaka sita ni michache. Wastani wa miaka sita ijayo unaweza kuwa juu ya huu au chini yake, na hakuna mtu awezaye kukuambia ni upi. Kwa hiyo simchukui mtu kwenye wastani wake, namchukua kwenye jozi yake mbaya kuliko zote, kisha nashusha kidogo hadi namba iliyo rahisi kushika. Jozi yako mbaya ni 445,000. Tunashuka hadi 440,000.

Utaniuliza habari ya bei za vitu kupanda. Miaka hiyo mfumuko wa bei nchini ulikuwa kati ya asilimia 3 na kidogo juu ya 4 kwa mwaka, hivyo shilingi ya 2019 ilinunua zaidi kuliko ya leo. Wapo wanaopandisha miaka ya zamani ili ilingane na thamani ya sasa, na kwako wastani ungepanda. Mimi sifanyi hivyo kwa mapato ya shambani, kwa sababu bei ya chungwa pale shambani haifuati bei ya sukari dukani. Nikiyaacha kama yalivyo, kosa langu litaelekea upande wa tahadhari.

Hadi hapa una mshahara. Bado hauna kinachoulinda, na hili ndilo ambalo kugawa kwa miezi hakukuambii hata siku moja. Wastani unadhani pesa inaingia kila mwezi. Yako haiingii hivyo. Basi chukua ule mshahara wa 440,000, uupitishe juu ya daftari lako kana kwamba umekuwa ukijilipa hivyo tangu 2019, na utafute shimo refu kuliko yote, yaani mahali ambapo salio lilishuka zaidi kutoka kilele chake hadi mauzo mengine yalipokuja kuliinua.

Kwako shimo hilo linaanza Disemba 2023, ukiwa umemaliza kuuza Valencia ya mwaka mnono. Mwaka 2024 ungetumia milioni 5.28, shamba likakupa milioni 3.3. Salio linashuka milioni 1.98. Halafu inakuja Januari hadi Mei 2025, miezi mitano ya 440,000 bila senti kuingia, milioni 2.2 nyingine. Jumla ya mteremko ni milioni 4.18. Nilipima pia mteremko ulioanza Disemba 2019 na ule wa Disemba 2021. Nao ulikuwa milioni 3.68 na milioni 3.48. Kwa hiyo akiba inayokuwezesha kulipwa 440,000 bila kukopa ni milioni 4.2, na inatakiwa iwe mkononi kila unapomaliza Valencia ya mwaka mnono. Anayejilipa kwa wastani bila akiba hii atakwama Machi, hata kama hesabu yake ya wastani haina kosa hata moja.

Sasa turudi kwenye hali yako ya leo, maana hauna milioni 4.2. Kwa zamu ya miti yako, 2025 ni mwaka mnono. Sitaki tukisie kwa matumaini, kwa hiyo nachukua mwaka mnono uliokuwa mdogo kuliko wenzake, milioni 6.9, na kwa mwaka wa uhaba nachukua ule mbaya kuliko yote, milioni 3.3. Katika hizo milioni 6.9 za mwaka huu, milioni 1.2 za dalali umeshazitumia, na 200,000 za duka zilipwe mara tu Msasa ikiuzwa. Zinabaki milioni 5.5.

Ukianza kujilipa 350,000 kuanzia Juni hii, hadi Disemba utakuwa umetumia milioni 2.45 na umebakiwa na milioni 3.05. Mwaka 2026 wa uhaba unaingiza milioni 3.3 na unatumia milioni 4.2, unabakiwa na milioni 2.15. Januari hadi Mei 2027 inakula milioni 1.75, na unaikuta Msasa ya 2027 ukiwa na 400,000 mfukoni. Umebana, lakini haujakopa. Nilijaribu hesabu hiyo hiyo kwa 400,000 kwa mwezi, na Mei 2027 ikakupungukia 800,000. Hizo ndizo zingekurudisha kwa dalali.

Kuanzia Juni 2027 panda hadi 440,000. Ikiwa mwaka huo utakuwa mnono wa milioni 6.9, Disemba utasimama na milioni 4.22. Akiba imetimia, na kuanzia hapo mshahara wako ni 440,000 mwaka mnono na mwaka wa uhaba.

Ninajua 350,000 kwa nyumba yenye wanafunzi watatu ni ngumu. Kama haitoshi kabisa, kipo cha kuchagua, lakini kila chaguo lina bei yake. Unaweza kutafuta kipato kidogo cha miezi ile mitano mikavu, hata 80,000 kwa mwezi, na hicho kinafaa kuliko kipato kikubwa cha Julai kwa sababu kinaziba pale pale shimo lilipo. Unaweza kupanda mihogo au mboga za kuuza kwenye nafasi kati ya miti ambayo haijafunga kivuli. Unaweza pia kukopa kwenye SACCOS kwa riba inayojulikana, ulipe Julai. Chaguo ambalo siliungi mkono ni kuuza tena mzigo ungali mtini. Tafuta kwenye daftari bei ya chungwa moja aliyokupa dalali Disemba, uilinganishe na wanayolipwa majirani zako Juni hii. Tofauti hiyo, zidisha kwa idadi ya machungwa atakayochuma, ndiyo riba uliyomlipa kwa miezi sita. Ukiiona kwa namba utajua ni mkopo wa bei gani.

Habari ya utekelezaji nitakwenda haraka. Siku ya mauzo, kabla pesa haijafika nyumbani, toa fungu la shamba: 850,000 kwenye Msasa na 850,000 kwenye Valencia, jumla milioni 1.7, sawa na mwaka wako wa gharama kubwa kuliko yote. Zinazobaki ziende kwenye akaunti ambayo haina kadi wala haijaunganishwa na simu unayotembea nayo. Akiba ambayo hautaigusa kwa miezi mitatu au zaidi unaweza kuiweka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako inapata faida kidogo na unaweza kuitoa kwa siku chache. Usiifunge kwenye amana ya mwaka mzima, kwa sababu utaihitaji Machi. Tarehe 1 ya kila mwezi jihamishie mshahara kwenye simu, basi. Na mshahara huo si wa chakula peke yake. Sare, madaftari na michango ya shule ya Januari, nguo za sikukuu, safari ya msiba, vyote vimo humo, kwa hiyo kila mwezi weka kando 40,000 au 50,000 ya mambo hayo. Ukiyaacha nje ya mshahara, yatakula akiba bila wewe kujua.

Utajuaje kwamba mpango unakwenda kombo? Angalia salio mara moja kwa mwaka, tarehe 31 Disemba. Akiba ikishatimia, mwisho wa mwaka mnono liwe si chini ya milioni 4.2, na mwisho wa mwaka wa uhaba si chini ya milioni 2.2, maana hizo ndizo zitakufikisha Mei. Likiwa chini ya hapo, rudi 350,000 mwezi huo huo wa Januari, usingoje Aprili. Likizidi sana, usipandishe mshahara kwa sababu ya msimu mmoja mzuri. Ngoja jozi ikamilike, ongeza miaka miwili mipya kwenye hesabu, kisha uangalie tena jozi mbaya ni ipi.

Kuna jambo moja ambalo daftari haliwezi kulijibu, na linanipa wasiwasi kidogo. Miaka yako ya uhaba ni milioni 3.8, kisha 4.0, kisha 3.3. Huenda ni bei tu iliyoanguka 2024, huenda miti imeanza kuchoka. Wastani una maana pale tu ambapo miaka ijayo inafanana na iliyopita; miti ikiwa inakufa, hesabu yote hii inakupa namba kubwa mno. Kabla Msasa haijaisha, mwite afisa ugani wa kata apite shambani. Mwonyeshe miti yenye matawi yanayokauka kuanzia ncha, majani yenye madoa ya njano yasiyolingana pande mbili, na machungwa yanayodondoka yakiwa na funza ndani. Hesabu pia miti inayozaa na ile iliyozeeka, uandike idadi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Akikuambia theluthi ya miti inahitaji kung'olewa na kupandwa upya, usitumie 440,000. Nirudishie hesabu, kwa sababu mche mpya utachukua miaka kadhaa kabla haujalipa na mshahara utatakiwa kushuka kwa muda huo.

Na kama katika makubaliano na dalali ulisaini karatasi inayotaja shamba lenyewe, si mzigo wa msimu mmoja, usisubiri ushauri wa maandishi. Ichukue karatasi hiyo pamoja na daftari, uende kwa mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nawe kabla ya kuchumwa chungwa la kwanza.